Friji kuzima, jiko kufifia, moshi kurudi jikoni: anza kuangalia hudi

*Fundi habari za kazi. Nina mgahawa mdogo Sinza, mchana tunahudumia watu kama 120. Mwezi huu friji ya milango miwili imezima mara mbili, zote Ijumaa saa saba, jioni inapoa yenyewe. Jiko nalo moto unafifia katikati ya kazi, plet moja inazimika kabisa. Na moshi siku hizi unarudi jikoni, wapishi wanalia macho. Fundi wangu ameongeza gesi ya friji na anasema vifaa vimechoka ninunue vipya. Kuna namna ya kuvitunza visinizimikie wateja wamekaa?*

Nzuri dada yangu, pole sana. Hiyo hela ya vifaa vipya ishikilie kwanza, mana kwa jinsi ulivoandika sioni vifaa vitatu vilivyochoka, vifaa havichokagi kwa kupangiana zamu hivo. Friji, jiko na hudi vikianza kusumbua ndani ya mwezi mmoja kwenye jiko moja mimi natafuta tatizo moja linalotembea, na kwenye jiko la mgahawa linatembea na hewa. Moto wa gesi unahitaji hewa ichanganyike na gesi kabla haijawaka. Friji inahitaji hewa ya kubeba lile joto inalolitoa ndani. Hudi ndo kazi yake hiyo hiyo, kuvuta hewa chafu itoke. Sasa hewa ya jikoni ikijaa mvuke wa mafuta na joto, vyote vinaumwa, na vinalala saa saba mchana kwa sababu ndo saa ambayo kila kitu kinabeba mzigo wake wote kwa mpigo.

Nikupe kisa kimoja utajiona humo. Kuna mteja wangu maeneo ya Kijitonyama, anauza chipsi, kuku na wali wa mchana, alinipigia siku moja friji imekata. Nafika saa nane kasoro, ndani ya friji themometa inasoma nyuzi 14, nyama imeanza kulegea, kompresa iko kimya. Nikasubiri na sikio pale nyuma nikasikia "tik", inanguruma sekunde chache, "tik", kimya tena. Ile tik ni ovalodi, kidude kidogo kinachokata umeme kompresa ikizidi joto, kikipoa kinarudisha, kompresa inajaribu tena inashindwa. Nikaulizia historia, naambiwa ndani ya mwezi mmoja imeongezwa gesi mara mbili. Nikafungua bati la chini mbele ya kondensa (ile mtandao wa bomba na mapezi membamba ya bati, ina feni yake pembeni) sikuona mapezi. Niliona kitu kama blanketi la mtoto, la kijivu, vumbi la unga limeshikana na mafuta, nikalivuta na vidole likatoka kipande kizima.

Nilizima nikasafisha, nikaacha ipumzike, nikawasha. Ikawaka. Saa kumi ilikuwa nyuzi 8. Lakini ile bomba nene inayorudi kwenye kompresa ikaanza kuota barafu mpaka karibu na kompresa yenyewe, na kwa mashine ile nikajua gesi imezidi, zile "nyongeza" mbili hazikuwa na kazi. Ikabidi tuitoe yote, tuvute vakyumu, tupime upya kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye lebo ya friji.

Ningeweza kuishia hapo nikachukua hela yangu nikaondoka. Lakini nikamuuliza mara ya mwisho kondensa ilisafishwa lini, akasema fundi mwingine aliipuliza wiki tatu zilizopita. Wiki tatu! Blanketi la namna ile halitoki kwenye wiki tatu za kawaida. Nikanyanyua macho juu, moshi wa chipsi unapanda mpaka chini ya hudi, unasita, unageuka unarudi jikoni kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Feni ya hudi inanguruma vizuri tu. Kumbe mota yake ilikuwa ya fezi tatu na ilibadilishwa mwezi na nusu uliopita, aliyefunga mota mpya alikosea mpangilio wa nyaya mbili, feni ikawa inazunguka kinyume. Na hapa ndo watu wengi wanadanganyika, ile feni ya aina ya konokono ikizunguka kinyume haisukumi hewa irudi ndani, bado inavuta kwenda nje ila inavuta kidogo sana, kwa hiyo kila mtu anasikia sauti anajua inafanya kazi. Jikoni joto likapanda, wapishi wakaleta feni ya stendi wakaielekeza majikoni wapate ahueni, ile feni ikawa inapuliza moto wa jiko pembeni, plet ya mwisho ikawa inazimika kila mara. Nyaya mbili zimebadilishana nafasi, vifaa vitatu vikaonekana vimekufa.

Sasa ya kwako sijui kama ni nyaya, lakini fuata mpangilio huo huo. Hudi kwanza, af friji, jiko mwisho.

Hudi ipime kwa udi wa kuchoma, ule ule wa nyumbani. Washa feni ya hudi, majiko yakiwa bado hayajawashwa na gesi imefungwa, choma udi uushike usawa wa ukingo wa mbele wa hudi, tembea nao kutoka kushoto hadi kulia. Moshi unatakiwa uingie ndani bila kusita. Ukiona sehemu unaning'inia au unatoka kuja usoni kwako, hapo hudi haivuti. Ukishaona hivo fungua mlango wa nyuma wa jikoni urudie. Kama mlango ukiwa wazi moshi unaingia vizuri na ukiufunga unarudi, hudi yako haina tatizo, ina njaa ya hewa. Hewa inayotoka lazima ipate pengine pa kuingilia, na migahawa mingi siku hizi imeziba madirisha yote kwa ajili ya eisii ya wateja, unakuta mlango wa jikoni mpaka uuvute kwa nguvu. Hapo dawa ni kufungua tundu la hewa lenye wavu upande wa pili wa jiko, na hiyo feni ya stendi kama ipo iondoe kabisa mbele ya hudi, inaupasua moshi kabla haujafika juu.

Kama mlango hauleti tofauti, angalia machujio. Yale ya mikunjo ya chuma cha pua yanatakiwa yakae mikunjo ikiwa imesimama wima, mafuta yateremke yaingie kwenye kisahani cha chini. Nimekuta jiko zaidi ya moja yamerudishwa yamelala, mafuta yanakaa kwenye mikunjo kama mfereji ulioziba, na siku moja yanadondokea kwenye sufuria ya mtu. Jiko la kukaangia kama lako yaoshwe angalau mara mbili kwa wiki, na kama chipsi zinatoka kutwa nzima oshea kila usiku. Ukifunga, majiko yakipoa, yatoe, yaloweke kwenye maji ya moto na sabuni kali ya mafuta nusu saa, sugua kwa brashi, suuza, yakauke, rudisha. Kama ni yale ya wavu wa alumini usiweke kostiki soda hata kidogo, inaila alumini, utaona mapovu yanatoka unafikiri uchafu unatoka kumbe chujio ndo linaisha.

Machujio safi na bado haivuti, hapo panda kwenye feni yenyewe, au mpandishe fundi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na mtu mwingine asiweze kuuwasha huku mkono wa mtu uko ndani. Mafuta yakiganda kwenye mapanga upande mmoja zaidi, feni inatetemeka, beringi zinakufa, na beringi haikuagi kwa adabu, inakufa na mota. Kama inatumia mkanda, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi umelegea, ukiwa na nyufa badilisha. Na mota ikifunguliwa kwa sababu yoyote, kabla fundi hajashuka mwambie akuonyeshe mshale uliochorwa kwenye nyumba ya feni na mzunguko unaoendana nao. Usimlipe kabla.

Bomba la moshi lenyewe, lile linalopanda nje, usilisahau kwa kuwa halionekani. Mafuta yaliyoganda humo ndo yanayobeba moto kutoka kwenye kikaango kimoja mpaka kwenye paa. Kanuni ya Wamarekani ya NFPA 96 inataka bomba likaguliwe kila mwezi kwa jiko la mkaa au kuni, kila miezi mitatu kwa wanaopika au kukaanga kwa wingi, na kila miezi sita kwa jiko la wastani. Kwetu sioni watu wakifika hapo lakini kwa biashara ya kukaanga mchana kutwa mimi nakushauri usipitishe miezi mitatu bila mtu kufungua kimlango cha bomba na tochi.

Sasa friji. Friji haitengenezi baridi, inachukua joto lililomo ndani inalitupa nje kupitia kondensa. Kondensa ikifunikwa joto halina pa kwenda, kompresa inafanya kazi mara mbili, inachemka, ovalodi inakata. Usiku jiko likipoa na mlango haufunguliwi inapata nafuu, ndo mana umesema jioni inapoa yenyewe, na ndo mana fundi akija saa kumi na mbili anakuta friji nzima anakuuzia gesi. Dada, gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Imefungwa humo ndani inazunguka ile ile miaka yote. Ikipungua kuna tundu, na fundi anayeongeza bila kutafuta tundu amekuuzia siku chache tu. Akiongeza wakati tatizo ni uchafu ndo kabisa, presha inapanda zaidi na kompresa inakufa mapema. Na uangalie lebo, kama imeandikwa R600a au R290 hiyo gesi inawaka moto, asije mtu na tochi ya kuchomelea jikoni kwako huku majiko yanawaka.

Kusafisha kondensa mwenyewe unaweza, au kijana wako. Chomoa friji ukutani, usizime kwenye kitufe tu. Fungua bati (kwa friji nyingi za migahawa kondensa iko chini mbele au juu kabisa). Chukua brashi mpya ya rangi ya inchi mbili, yenye nywele laini, piga kwa kufuata mapezi yanavyosimama, usikate kwa kuvuka, mapezi yale yanapinda kwa kidole tu na yakipinda hewa haipiti tena. Vumbi kavu likitoka puliza kwa blowa kutokea upande wa feni kwenda nje, huku umeishika feni isizunguke kwa kasi. Kama ni mafuta yaliyoshika nyunyiza sabuni ya kondensa au sabuni ya mafuta iliyochanganywa na maji, acha dakika kumi, futa, na maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia. Zile mashine za kuoshea magari usithubutu, zinalaza mapezi yote na kulowesha nyaya. Iache ikauke ndo uchomeke. Kwa jiko kama lako safisha kondensa kila mwezi, na kama friji iko jirani na kikaango au meza ya chapati fanya kila wiki mbili, au bora zaidi isogeze, unga wa ngano na mvuke wa mafuta vikikutana vinakuwa gundi.

Raba ya mlango ipime kwa noti ya elfu moja. Ibane mlangoni nusu ndani nusu nje, ivute. Ikivutana nawe kidogo safi, ikichomoka kama kwenye kitabu hapo pamelegea. Zunguka mlango wote, hasa kona za chini na upande wa bawaba. Mara nyingi ni uchafu tu, oshea maji ya vuguvugu na sabuni, usitumie petroli wala mafuta ya taa zinaikausha. Raba mbovu hapa Dar ni tatizo kuliko sehemu kavu kwa sababu hewa yetu ina unyevu, ule unyevu ukiingia unaganda kwenye eva, yale mabomba ya baridi ya ndani ya friji, barafu inaziba njia ya hewa, upande mmoja wa friji baridi kali upande mwingine soda ya moto. Na barafu ikiganda, zima, fungua milango, weka feni, subiri. Kisu usikitie. Friji nyingi ninazoitiwa "imekufa ghafla" zina tundu la ncha ya kisu kwenye eva, na hapo ndo kweli tunaongelea hela.

Ila kitu cha friji ninachokisisitiza kwa wateja wangu ni daftari. Nunua themometa ya friji, iweke ndani ya glasi ya maji katikati ya rafu ya kati, mana ukipima hewa tupu kila mlango ukifunguliwa namba inaruka. Andika mara tatu: asubuhi kabla ya kazi, saa nane mchana, na wakati wa kufunga. Ya asubuhi iwe nyuzi 5 au chini ya hapo. Yule mteja wa Kijitonyama tulipomaliza alikuwa anasoma 3 asubuhi na 6 saa nane. Miezi kama miwili baadaye akanitumia picha ya daftari: asubuhi bado 3, lakini saa nane imetoka 6 ikawa 7, wiki iliyofuata 8, ile wiki 9. Friji ilikuwa haijamsumbua bado, wateja wanakula, hakuna aliyejua. Nikamwambia afungue bati, kondensa ilikuwa imeanza kufunga tena, kijana wake mpya alikuwa hajaambiwa. Dakika 40 za brashi siku ya Jumatatu. Unaona namba ya kuangalia siyo ya asubuhi, asubuhi karibu kila friji inaonekana nzima. Angalia pengo kati ya asubuhi na saa nane, likikua wiki hadi wiki kuna kitu kinaziba.

Umeme nigusie kidogo tu. Friji iwe na fridge gadi yake yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano, umeme ukikatika na kurudi papo hapo kompresa inajaribu kuwaka huku presha bado iko juu upande mmoja, inakwama, inachemka. Na isichangie ekstensheni na jagi la maji ya moto.

Jiko la gesi. Hapa usianze kufungua kitu kabla hujajua ni ugonjwa gani, mana "moto unafifia" ni magonjwa matatu tofauti. Yakififia majiko yote kwa pamoja, tatizo liko nyuma, kwenye mtungi, regileta au mpira. Ikififia plet moja wenzake wazima, tatizo liko kwenye plet hiyo. Ikiwaka vizuri ukiachia kitufe inazima, au inazimika yenyewe katikati ya kazi, hiyo ni themokapo. Wewe umeandika vyote viwili, moto kufifia na plet moja kuzimika, kwa hiyo una la kwanza na la tatu yamekutana.

La kwanza, saa saba moto ukififia nenda kaguse mtungi. Kama nusu ya chini iko baridi sana, imetoa jasho au hata barafu, umeujua ugonjwa. Gesi ndani ya mtungi ni maji, inageuka hewa kwa kuchukua joto la mtungi wenyewe. Ukivuta gesi nyingi kwa haraka, tuseme plet nne kubwa kwenye mtungi mmoja wa kilo 15, mtungi unapoa kuliko unavyoweza kupata joto, presha inashuka, moto unalegea. Ukiupumzisha nusu saa unarudi, watu wanasema "gesi imechakachuliwa". Dawa ni mitungi miwili mikubwa, ya kilo 38 kama una nafasi, iliyounganishwa na yote miwili ikiwa wazi kwa pamoja wakati wa kazi, mzigo ugawanyike. Usiumwagie maji ya moto, usiusogeze karibu na jiko, na usiulaze, ukiulaza yanatoka maji badala ya hewa na plet inatema moto mkubwa.

La pili, plet. Uji na maji ya wali yakifurika yanaungua kwenye matundu. Toa vichwa vikiwa vimepoa, chemsha kwenye maji ya sabuni, sugua kwa brashi ya waya, kisha vikaushe kabisa, kichwa chenye maji kinapiga popu na kuwaka njano. Ukimulika ndani ya ule mrija unaoleta gesi usishangae kukuta utando wa buibui au mende, wanapenda humo, na utando kidogo tu unatosha kuharibu mchanganyiko wa hewa. Nozeli, kile kishaba chenye tundu dogo, usikiingize sindano wala waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu likipanuka kidogo moto unakuwa wa njano, sufuria zinakuwa nyeusi na gesi inaisha haraka. Kuna mafundi wanapanua makusudi "moto uwe mkali", unakuwa mrefu, siyo mkali. Nozeli nyingi zina namba imegongwa, 85 kwa mfano ni milimita 0.85, badilisha kwa namba ile ile. Na kama jiko lako ni mtumba wa Ulaya muulize fundi kama nozeli zilishabadilishwa, mengi ya kule yalikuwa ya gesi ya bomba, nozeli zake ni pana, ukiweka gesi ya mtungi linawaka njano tangu siku ya kwanza na wala si uchafu.

La tatu, themokapo ni ule msumari wa shaba unaokaa kwenye moto mdogo. Ukipata moto unatengeneza umeme kiduchu, millivolti 20 hadi 30, unaoshikilia valvu iwe wazi. Ncha ikipata masizi au moto ukipulizwa pembeni, umeme unapungua, valvu inafunga. Ndo mana nimekuuliza kimoyomoyo habari ya feni ya stendi. Iondoe kwanza, ukiona bado, ncha isugue kwa msasa laini na uhakikishe moto unaizunguka. Bado? Badilisha, ni kidude cha bei ndogo, weka viwili kwenye droo pamoja na raba za regileta na mkanda wa feni ya hudi, mana duka la vipuri halifungui kwa ajili ya Ijumaa yako. Ila mtu akikuambia aifunge valvu iwe wazi muda wote ili isisumbue, mtoe jikoni. Siku moto ukizimika sufuria ikifurika gesi itaendelea kutoka, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, inajaza jiko kuanzia miguuni bila mtu kujua.

Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio yote, valvu ya mtungi ikiwa wazi na majiko yamezimwa. Povu likivimba funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote, hata ya hudi. Mpira ukunje kwa vidole, ukiona nyufa au umekuwa mgumu badilisha, na usome tarehe iliyochapishwa juu yake, ukipita muda wake toa hata kama unang'aa.

Jinsi ya kuigawa hiyo kazi kwa watu wako: usiku ni machujio na vichwa vya majiko, anayefunga jiko ndo anahusika, na jina lake liandikwe. Jumatatu asubuhi mnapokuwa na wateja wachache ni raba, povu na udi. Kondensa ipe tarehe kwenye kalenda. Na hudi iwashwe kabla ya jiko la kwanza kuwaka, izimwe kama dakika 15 baada ya jiko la mwisho, wengi wanaiwasha moshi ukishajaa, ule wa kwanza umeshaenda kukaa kwenye friji.

Ya kumwachia fundi ni tatu tu: kufungua mfumo wa gesi ya friji, regileta na valvu za jiko, na nyaya za mota. Ukimwita ya friji mwambie kabla hajashika geji asafishe kondensa na asubiri saa moja asome joto. Akikataa anataka kuongeza gesi tu, muulize gramu ngapi kwenye lebo na mizani yake iko wapi.

Leo ukifunga fungua bati la friji upige picha kabla hujasafisha. Kesho saa saba kaguse mtungi, angalia na moshi wa kikaango unaelekea wapi ukiwa mlango wa nyuma umefungwa, kisha ukiwa wazi. Nitumie hayo majibu na namba ya saa nane, tutajua kama ni hudi au mtungi kabla hujatoa hata mia.